Wagnosi, Wamani na uzushi: yanayosemwa na yaliyotokea

"Kaisari Konstantino na Mtaguso wa Nisea ndio waliowafuta Wagnosi."

Dhana hii inasambaa sana, lakini tarehe zinaikataa. Mtaguso wa Nisea ulikaa mwaka 325, na shauri lake kubwa lilikuwa mafundisho ya Ario kuhusu Baba na Mwana. Irenei, askofu wa Lyon katika Ufaransa ya leo, alikuwa ameandika tangu mnamo mwaka 180 vitabu vitano dhidi ya Wagnosi, yaani walimu na wafuasi waliodai kwamba wokovu unapatikana kwa elimu ya siri. Siku hizo askofu hakuwa na askari wala gereza. Mwaka 177 Wakristo wa mji wake waliuawa hadharani, na mtangulizi wake, mzee Potino, alifia kifungoni. Silaha ya Irenei ilikuwa hoja tu.

"Walihukumiwa kwa kuwa walimkana Kristo."

Laiti wangemkana waziwazi, kazi ya Irenei ingekuwa nyepesi. Wafuasi wa Valentino, aliyefundisha Roma katikati ya karne ya 2, walimkiri Yesu na kuichambua Injili ya Yohane kwa bidii. Irenei analalamika kwamba wanasema kama sisi, ila wanawaza vingine. Anatoa mfano wa fundi aliyepanga vito vikatoa sura ya mfalme. Anakuja mtu, anavipangua vito vile vile, anaunda sura ya mbweha, kisha anawaambia wasiomjua mfalme kwamba huyu ndiye.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya uumbaji. Kwa Wavalentino, ulimwengu ulitokana na anguko la Sofia, mmoja wa viumbe vya mbinguni, na aliyeufinyanga ni muumba wa daraja la chini asiyemjua Baba aliye juu yake. Kwa hiyo Mungu wa kitabu cha Mwanzo siye Baba wa Yesu, na mwili wa nyama hauna sehemu katika wokovu. Sasa kumbuka Lyon: watesi walichoma miili ya wafiadini na kutupa majivu katika mto Rhone, wakisema tuone kama watafufuka. Nadhani mtu aliyewalea waliobaki baada ya jambo hilo asingeweza kusikia kwamba mwili si kitu akanyamaza.

Jibu la Irenei lilisaidia sana kuchora mpaka wa uzushi, yaani mafundisho yanayopotosha imani ya Kanisa. Alidai mafundisho yapimwe kwa kanuni ya imani inayokiriwa hadharani, kwa Injili nne, na kwa mfululizo wa maaskofu tangu mitume. Yeye mwenyewe, akiwa kijana, alimsikia Polikarpo wa Smirna, aliyesemekana kuwajua waliomwona Bwana. Walimu waliodai kuwa na elimu ya siri walishindwa hapo: kama mitume walikuwa na siri, Irenei aliuliza, si wangewaachia wale wale waliowakabidhi makanisa?

"Walioanza kuwatesa Wamani ni maaskofu."

Mani, mwanzilishi wa dini iliyofundisha kwamba nuru na giza ni falme mbili zinazopigana, alizaliwa Mesopotamia mwaka 216 na kufia gerezani chini ya mfalme wa Uajemi, katika miaka ya 270. Katika Dola la Roma, amri ya kuwachoma moto viongozi wake pamoja na vitabu vyao ilitoka kwa Kaisari Dioklesyano, mpagani, mnamo mwaka 302, kwa kuwa dini hiyo ilitoka kwa adui Mwajemi. Mwaka uliofuata alianza kuwatesa Wakristo wenyewe.

Agostino, mwanateolojia wa Afrika Kaskazini, aliwajua Wamani kwa ndani, maana alikuwa msikilizaji wao, yaani mfuasi wa daraja la chini, kwa takriban miaka tisa. Mwaka 392, akiwa padri katika mji wa Hippo, alijadiliana hadharani kwa siku mbili na Fortunato, kiongozi wao. Swali lake lilikuwa moja: ikiwa Mungu hawezi kudhurika, kwa nini alituma roho zitoke kwake zikapigane na ufalme wa giza na kuteseka humo? Na kama anaweza kudhurika, huyo ni Mungu gani? Fortunato alisema atakwenda kuwauliza wakubwa wake, akaondoka Hippo.

Lakini mambo hayakuwa mijadala tu. Kabla ya hapo, mwaka 381, Kaisari Theodosi, Mkristo, aliwanyima Wamani haki ya kuachiana urithi. Kwa sheria za namna hiyo, kosa la imani likawa pia kosa la sheria.

"Uzushi ulikuwa na maana iliyo wazi tangu mwanzo."

Mnamo mwaka 428 shemasi wa Karthago, Kwodvultdeus, alimwomba Agostino orodha fupi ya uzushi wote. Agostino aliorodhesha aina 88, akianza na Simoni Mchawi na kumalizia na wafuasi wa Pelagio. Alionya kwamba si kila kosa ni uzushi, na kwamba kupata fasili yake kamili ama haiwezekani kabisa, ama ni vigumu mno. Aliahidi sehemu ya pili, ya kueleza ni nini hasa kinachomfanya mtu awe mzushi. Alifariki mwaka 430 kabla ya kuiandika.