Sifuri ya Wronski na kosa lililonichosha

Nimesahihisha tena karatasi yenye sentensi ileile: “Determinanti ni sifuri pale t = 0, kwa hiyo majibu haya mawili yanategemeana.” Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba naijua kwa moyo, hata nukta yake naijua inapoangukia. Mwenye karatasi alikuwa amekokotoa vizuri, derivativu zote sahihi, alama zote mahali pake. Akafika mwisho akatumbukia shimoni.

Swali lilikuwa hili:

```
t²y'' − 4ty' + 6y = 0
y1 = t²,   y2 = t³
```

Je, hizi mbili ni seti ya msingi? Yaani, kila jibu la mlinganyo huu linaweza kuandikwa c1·y1 + c2·y2?

Determinanti ya Wronski, W, ni y1·y2' − y2·y1'. Kwa jozi hii inatoka t²·3t² − t³·2t = t⁴. Kweli, t⁴ ni sifuri pale t = 0. Lakini t² na t³ kutegemeana? Nitafutie namba moja isiyobadilika inayogeuza t² kuwa t³. Pale t = 1 namba hiyo ingekuwa 1, pale t = 2 ingekuwa 2. Haipo, na mtu hahitaji determinanti kuliona hilo. Mwanafunzi aliamini kanuni kuliko macho yake, na ndiyo maana naandika haya leo badala ya kumalizia rundo la karatasi.

Tuanze na kazi yenyewe ya determinanti. Umepewa t0 na masharti ya mwanzo: y(t0) = a na y'(t0) = b. Unatafuta c1 na c2. Unapata milinganyo miwili ya kawaida yenye namba mbili zisizojulikana, na determinanti ya matriki yake ni W(t0). Ikiwa si sifuri, c1 na c2 zinapatikana kwa a na b zozote zile. Ikiwa ni sifuri, kuna masharti ya mwanzo ambayo jozi yako haiwezi kuyatimiza. Kipimo chenyewe ni hicho tu, na kinaulizwa pale t0, si kwingine.

Sasa, kwa nini vitabu vinasema inatosha kupima nukta moja? Kwa sababu ya theoremu ya Abel. Andika mlinganyo kwa sura ya y'' + p(t)y' + q(t)y = 0, kisha chukua derivativu ya W. Vipande y1'y2' vinafutana, linabaki W' = y1y2'' − y2y1''. Badala ya kila y'' weka −py' − qy; q inafutika, unabaki na W' = −pW. Kwa hiyo W ni konstanti zidisha kipeo cha e, na e iliyopandishwa kwa namba yoyote haiwi sifuri kamwe. Ama konstanti ni sifuri na W ni sifuri kila mahali, ama si sifuri na W haigusi sifuri popote. Hakuna la katikati.

Hakuna la katikati, *mahali ambapo p na q ni endelevu*. Maneno haya yamo kwenye kila kitabu, kwenye mstari wa kwanza wa theoremu, na kila mtu anayaruka kama mtu anavyoruka dibaji.

Rudi kwenye mlinganyo wetu, gawanya kwa t²: p = −4/t na q = 6/t². Pale t = 0 zote mbili hazipo. Theoremu haikuahidi lolote pale. Ilichoahidi ni kwa t kubwa kuliko 0 peke yake, na kwa t ndogo kuliko 0 peke yake. Kila upande W = C·t⁴, sawasawa na tulivyokokotoa, na kila upande haiwi sifuri. Kwa hiyo jibu sahihi ni: t² na t³ ni seti ya msingi upande wa kulia wa sifuri, na ni seti ya msingi upande wa kushoto. Sifuri ya t⁴ haitoi habari za majibu yako. Inatoa habari za mlinganyo: hapa umevunjika.

Na unaweza kuona ulivyovunjika. Jaribu kudai y(0) = 1. Weka t = 0 kwenye mlinganyo wa awali, unabaki na 6y(0) = 0. Kila jibu linalopita pale linalazimika kuwa sifuri. Dai basi y(0) = 0 na y'(0) = 0: t² inafaa, 5t² inafaa, t³ inafaa, na sifuri tupu nayo inafaa. Ama huna jibu, ama unayo yasiyohesabika. W(0) = 0 ilikuwa inakwambia hivyo tangu mwanzo, ila uliitafsiri vibaya.

Mpaka hapa wengi hunielewa. Kisha hurukia kosa la pili, ambalo ni jirani wa lile la kwanza: “Sawa, sifuri ya nukta moja si kitu, lakini W ikiwa sifuri *kila mahali*, hapo hakika zinategemeana.” Mlinganyo uleule unalivunja na hili, ndiyo maana naupenda.

Chukua y3 = |t|³. Derivativu yake ni 3t|t|, ya pili ni 6|t|, na zote zipo hata pale sifuri. Weka kwenye mlinganyo: 6|t|³ − 12|t|³ + 6|t|³ = 0. Ni jibu halali kwenye mhimili wote. Sasa pima t³ pamoja na |t|³:

```
W = t³·3t|t| − |t|³·3t² = 3|t|⁵ − 3|t|⁵ = 0
```

Sifuri kila mahali, kulia, kushoto na katikati. Je, zinategemeana? Kulia |t|³ ni t³, kwa hiyo konstanti ingekuwa 1. Kushoto ni −t³, kwa hiyo ingekuwa −1. Konstanti moja ya kufanya kazi pande zote haipo. Kwenye mhimili wote zinajitegemea, ingawa kila upande ukiutazama peke yake ni nakala za kitu kimoja.

Hili si jambo jipya hata kidogo. Mwaka 1889 Giuseppe Peano alionesha jozi t² na t|t|, ambazo W yake ni sifuri kila mahali na bado zinajitegemea. Kawaida mfano wa Peano hujibiwa kwa haraka: “Hizo ni fanksheni tu, si majibu ya mlinganyo mmoja wa mstari.” Ndiyo, kwa mlinganyo wenye p na q endelevu ulinzi huo unasimama. Lakini t³ na |t|³ *ni* majibu ya mlinganyo mmoja, wa mpangilio wa pili, wa mstari. Kinachokulinda si neno “mlinganyo”. Ni p na q kuwa endelevu, basi.

Matokeo yake yanashangaza hata waliozoea. Ukidai jibu liwe na derivativu mbili kwenye mhimili wote, kulia ni at² + bt³ na kushoto ni ct² + dt³. Ili derivativu ya pili iwepo pale sifuri, lazima a = c. Lakini b na d hazilazimishwi na chochote. Konstanti tatu huru! Mlinganyo wa mpangilio wa pili, na seti ya msingi kwenye mhimili wote inahitaji vitu vitatu: t², t³ na |t|³. Ukitaka kuona mpasuko kwa kupitia Abel, pima t² pamoja na |t|³: kulia W ni t⁴, kushoto ni −t⁴. Konstanti C imebadilika ilipovuka sifuri, jambo ambalo Abel angelikataza kama p ingekuwa nzima.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni wa kizembe, na ni mfupi. Kwanza nagawanya kwa kizidishi cha y'' na kuangalia p na q zinavunjika wapi. Naandika kipande cha mhimili ninachofanyia kazi. Kisha ndani ya kipande hicho nachagua nukta moja iliyo rahisi, hapa t = 1, na kukokotoa W pale tu: y1 = 1, y1' = 2, y2 = 1, y2' = 3, W = 3 − 2 = 1. Imekwisha. Wanaojaza nusu ukurasa wakirahisisha W nzima kwa t yoyote wanajitesa bure. Na kama fanksheni zako hujahakikisha kwamba ni majibu, usipime chochote kwanza. Abel hawahusu wageni.

Kuna jambo moja ambalo sijatulia nalo. Kompyuta. Chukua y'' + 20y' + 99y = 0, majibu e^(−9t) na e^(−11t). W = −2e^(−20t), na pale t = 2 thamani yake ni kama 8.5 zidisha 10 kwa kipeo cha −18, ukiacha alama ya hasi. Programu iliyoambiwa kwamba chochote chini ya 10⁻¹² ni sifuri itatangaza kwamba zinategemeana. Si kweli, zote mbili zimepungua tu, na W imepungua pamoja nazo. Ukipima pale t = 0 unapata −2 na hakuna ugomvi.

Watu husema dawa ni kugawanya W kwa urefu wa safuwima za matriki. Inasaidia: pale t = 2 unapata takriban 0.02, na namba hiyo haibadiliki kwa t yoyote, kwa sababu upungufu wa e unafutika. Lakini safuwima ina y juu na y' chini, na y' inategemea kama t unaipima kwa sekunde au kwa dakika. Badilisha kizio, 0.02 inageuka kuwa namba nyingine, ilhali majibu ni yaleyale. Kwa hiyo mtu akiniuliza jozi yake “inakaribia kutegemeana” kwa kiasi gani, namjibu kwamba W inajua sifuri na isiyo sifuri, na kwamba kipimo cha ukaribu nitampa akishaniambia ukubwa wa y na wa y' anaoujali.