Jina la kanga limepotelea wapi?

"Picha moja nikiisevu, nikaipiga skrinshoti, nikaifowadi, kila ikirudi imechoka zaidi. Kwa nini? Si picha ni ile ile?"

Tumfuate bibi mmoja. Amepigwa picha arusini, amekaa mkekani, kajifunga kanga ya buluu iliyokolea yenye jina kwa herufi nyekundu: WEMA HAUOZI. Simu ya mjukuu wake imetoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani vitone milioni 12 vya rangi. Ukiivuta, jina unalisoma vizuri. Mjukuu akaituma kwenye grupu la familia. Shangazi akaipenda, akaipiga skrinshoti na kuiweka status. Mjomba akaipata huko, naye akapiga skrinshoti, akakata kingo nyeusi, akairudisha kwenye grupu na ujumbe: "Hii nataka kuichapa, tuiweke kwenye fremu." Bibi sasa ana uso kama uliopakwa mafuta mengi, na jina la kanga limekuwa michirizi ya zambarau.

Kwanza tuliondoe jambo moja njiani. Faili la picha halichakai kwa kunakiliwa. Ukilihamisha kutoka simu kwenda kompyuta, kisha kwenye fleshi, kisha kurudi simu, hata mara elfu, nakala ya mwisho italingana na ya kwanza tarakimu kwa tarakimu. Madhara yanaingia pale programu inapoifungua picha, ikaichora, halafu ikaandika faili jipya. Skrinshoti ni faili jipya. Picha iliyokatwa kingo ni faili jipya. Na picha inayotumwa kwa programu za ujumbe kwa kawaida huandikwa upya kabla haijaondoka kwenye simu yako.

Kwa nini kuandika upya kuharibu? Kila pikseli inahitaji baiti tatu za rangi, kwa hiyo vitone milioni 12 vingekula megabaiti 36. Lakini ukilitazama faili la picha kama hiyo kwenye simu, mara nyingi unakuta megabaiti tatu au nne hivi. Sehemu kubwa ya upungufu huo imepatikana kwa kutupa vitu. Kazi ya kutupa hufanywa na JPEG, mtindo wa kubana picha uliowekwa rasmi mwaka 1992, na ambao mpaka leo ndio unaobeba picha nyingi tunazotumiana.

JPEG inatupa kwa akili. Inajua kwamba jicho la mtu ni kali katika kutofautisha mwanga na giza, lakini ni zembe katika rangi. Kwa hiyo inatenganisha mambo hayo mawili: mwanga unahifadhiwa kwa kila pikseli, na rangi mara nyingi inahifadhiwa moja tu kwa kila kikundi cha pikseli nne. Usoni pa bibi huwezi kugundua. Penye kanga yake ni hadithi nyingine, maana nyekundu na buluu iliyokolea zinakaribiana kwa giza. Kinachozitenganisha ni rangi peke yake, na rangi ndiyo iliyopunguzwa. Ndiyo maana jina la kanga lilianza kufa mapema. Lingekuwa limeandikwa kwa nyeusi juu ya nyeupe, lingeishi raundi kadhaa zaidi.

Kisha picha inakatwakatwa kuwa miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8. Picha yetu inatoa miraba 187,500. Ndani ya kila mraba mna namba 64 za mwanga, nazo zinageuzwa kuwa namba 64 za aina nyingine. Ya kwanza inaeleza wastani wa mwanga wa mraba mzima, na zinazofuata zinaeleza mabadiliko ndani yake, kuanzia yale ya taratibu, kama kivuli shavuni, hadi ya harakaharaka, kama ukingo wa herufi au nyuzi za mkeka. Hesabu hiyo ya kugeuza ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, pamoja na wenzake Natarajan na Rao. Kugeuza kwenyewe hakupotezi kitu cha maana. Ungeweza kurudi nyuma ukaupata mraba wako karibu kama ulivyokuwa.

Hasara inakuja hatua inayofuata. Kila namba inagawanywa kwa kigawanyo kilichomo kwenye jedwali, na jibu linakadiriwa kuwa namba kamili iliyo karibu. Katika jedwali la mfano lililokuja na JPEG, kigawanyo cha ule wastani ni 16, na kile cha mabadiliko ya haraka kabisa ni 99. Vitu vidogovidogo vinapigwa panga zaidi kuliko vikubwa.

Tuchukue namba moja tu kutoka ukingo wa herufi ya kanga, tuseme 47, na kigawanyo chake kiwe 10. Unapata 4.7, inakadiriwa kuwa 5, nayo inaandikwa kwenye faili. Siku ya kufungua picha, simu inazidisha 5 kwa 10 na kupata 50. Ile 47 imekwenda, na hakuna palipoandikwa kwamba iliwahi kuwapo. Jirani yake alikuwa 4. Ukigawanya kwa 10 unapata 0.4, ikikadiriwa ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri. Huyo kafutwa kabisa.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalitarajii. Ukiisevu picha hiyo tena kwa programu ileile, kwa kiwango kilekile, bila kugusa kitu, 50 gawanya kwa 10 ni 5 kamili. Hakuna cha kukadiria. Raundi ya kwanza inauma, chache zinazofuata zinadokoa kidogo kwa sababu ya makadirio ya rangi, kisha picha inatulia. Kwa hiyo ule usemi kwamba kila ukisevu unaimega picha ni nusu ya kweli.

Nusu nyingine ni kwamba picha zinazozunguka mikononi mwa watu hazipati raundi zinazofanana. Namba yetu sasa ni 50, na programu ya pili ina kigawanyo cha 16: jibu 3.125, linakuwa 3, likifunguliwa ni 48. Ya tatu ina 11: jibu 4.36, linakuwa 4, likifunguliwa ni 44. Ikirudi kwenye ile ya kwanza yenye 10: 4.4, inakuwa 4, likifunguliwa ni 40. Tulianza na 47. Hakuna aliyefanya kosa kubwa, kila mmoja alikadiria kwa uaminifu, ila alikadiria juu ya makadirio ya mwenzake. Ni kama habari inayopita midomo minne kabla ya kufika barazani.

Mjomba alipokata kingo alizidisha tatizo kwa njia nyingine. Ukikata pikseli tatu upande wa kushoto, miraba yote ya 8 kwa 8 inaanzia mahali papya. Mipaka ya miraba ya zamani, pale penye vijistari hafifu, sasa imeangukia katikati ya miraba mipya, na JPEG inaihesabu kama sehemu ya bibi.

Lakini mhalifu mkubwa katika kisa hiki ni skrinshoti, na hata haihitaji JPEG kufanya uhalifu wake. Simu nyingi huhifadhi skrinshoti kwa mtindo wa PNG, ambao hautupi chochote. Shida ni kwamba skrinshoti haipigi picha ya faili, inapiga picha ya kioo. Kioo cha shangazi kina upana wa pikseli 1080, kwa hiyo bibi alionekana kwa pikseli 1080 kwa 810. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi na nne ya picha ya mjukuu. Kioo cha mjomba ni cha pikseli 720, akabaki na 720 kwa 540, sehemu moja ya thelathini na moja. Kuanzia hapo, kila anayeifungua kwenye kioo kikubwa anaona pikseli zilizotanuliwa kwa kubahatisha zilizo katikati, na kubahatisha huko ndiko kulikoupa uso wa bibi ule ulaini wa mafuta.

Na kufowadi? Hapa nitaitetea kidogo. Kwa kawaida ukibonyeza alama ya kufowadi ndani ya WhatsApp, linalokwenda ni faili lilelile ambalo tayari lilibanwa lilipotumwa mara ya kwanza. Bibi anaweza kuzungukia magrupu kumi kwa njia hiyo bila kuumia zaidi. Anaumia pale mtu anapomsevu kwenye galari kisha kumtuma kama picha mpya, au kumpeleka kwenye programu nyingine yenye jedwali lake.

Dalili zinasomeka ukijua pa kutazama. Vuta picha mahali palipo na ukuta mtupu au anga: ukiona vigae vya mraba, hivyo ndivyo vile vya 8 kwa 8. Tazama kandokando ya maandishi: ukiona vumbi linalozunguka herufi kama mbu, ni mabaki ya mabadiliko ya haraka yaliyokatwa vibaya. Kisha fungua maelezo ya picha usome idadi ya pikseli. Usidanganywe na uzito wa faili, maana picha mbovu ikiandikwa upya kwa kiwango cha juu inanenepa bila kupata kitu. Programu za kunoa picha nazo hazirudishi kilichopotea. Sifuri iliyoandikwa ingeweza kuwa imetoka kwenye 4, au 2, au -3, na faili halijui ilikuwa ipi.

Mwaka 2023 WhatsApp iliongeza chaguo la HD wakati wa kutuma picha. Linasaidia, kwani pikseli nyingi zaidi zinapita, ila bado picha inabanwa. Njia isiyogusa kitu ni kuituma kama faili, kupitia `Document`, badala ya kuichagua kwenye picha. Hapo programu inaibeba kama inavyobeba barua: haiifungui.

Mjukuu alimwandikia mjomba hivi: "Shikamoo mjomba. Hiyo usiichape, nakutumia yenyewe kama Document." Wachapaji wazuri hutaka nukta 300 kwa kila inchi. Kwa kipimo hicho picha ya mjomba ingetosha inchi 2.4 kwa 1.8, kidogo kuliko kiganja. Ya mjukuu inatosha inchi 13 kwa 10, na jina la kanga linasomeka mpaka herufi ya mwisho.