Ankara ya 10000 iliyojiita 1000

Mhasibu alinipigia simu asubuhi akiuliza imekuwaje malipo ya mteja mmoja yakafuta deni la mteja mwingine. Nilipofungua jedwali la ankara nikakuta ANK-1000 ziko nne. Moja ilikuwa ya muda mrefu, imeshalipwa na kufungwa. Tatu zilikuwa za asubuhi ileile, kila moja na mteja wake.

Kaunta yenyewe ilikuwa salama, inasoma 10002. Kosa lilikuwa kwenye mstari unaoigeuza kaunta kuwa maandishi ya kuchapishwa:

```sql
SELECT 'ANK-' || lpad(kaunta::text, 4, '0');
```

Kwa 41 mstari huu hutoa ANK-0041, na kwa 9999 hutoa ANK-9999. Mwaka mzima unaweza kupita bila yeyote kuutilia shaka. Lakini kwenye PostgreSQL, `lpad` haijazi tu. Ikipewa maandishi marefu kuliko upana uliotajwa, huyakata upande wa kulia hadi yatoshe, tena bila kutoa kosa lolote. Kwa hiyo 10000 inakuwa 1000, na 10001 inakuwa 1000 vilevile, hadi 10009. Kuanzia 10010 zinakuja kumi zinazoitwa 1001. Ukiona namba za zamani zimerudi, na kila moja inajirudia mara kumi kumi, usihangaike na kaunta; tafuta mahali tarakimu ya mwisho inapokatwa.

MySQL nayo hukata hivyohivyo. `zfill` ya Python na `padStart` ya JavaScript hazikati, huacha namba ndefu ipite ilivyo. Ndiyo maana jaribio nililokuwa nimeliandika kwa Python lilipita vizuri huku hifadhidata ikifanya jambo jingine kabisa.

Kuna kosa la pili linalofanana na hili, ila dalili yake ni tofauti. Watu wengi hawana kaunta. Wanahifadhi "0041" kama maandishi, wanatafuta kubwa kuliko zote kwa `max`, wanaigeuza kuwa namba, wanaongeza moja, kisha wanarudisha sifuri za mbele. Hadi 9999 njia hiyo inafanya kazi, kwa sababu maandishi yenye urefu sawa hupangika kama namba. Ikishaingia 10000, mpangilio unavunjika: maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kuanzia kushoto, na 9 ni kubwa kuliko 1. `max` itaendelea kujibu 9999, na kila ankara mpya itaitwa 10000. Hapo hurudia namba moja tu, siyo kumi kumi.

Tiba ya yote mawili ni kuacha kuzihesabu sifuri kama sehemu ya namba. Sifuri ni mavazi ya kutokea nje. Ndani ya jedwali weka namba kamili, iongeze ikiwa namba, na uivishe sifuri mwishoni kabisa:

```sql
UPDATE kaunta SET mwisho = mwisho + 1
WHERE mfululizo = 'ANK'
RETURNING 'ANK-' || lpad(mwisho::text,
  greatest(4, length(mwisho::text)), '0');
```

`greatest` inaufanya upana wa 4 kuwa kima cha chini badala ya ukomo. Namba ikifika tarakimu tano, upana unafika tano nao. Na kwa kuwa `UPDATE` huufunga mstari wa kaunta hadi muamala uishe, watu wawili wanaotoa ankara kwa wakati mmoja hawapewi namba moja.

Lakini wakati mwingine upana ni ukomo kweli: labda faili linalopelekwa kwenye mfumo mwingine lina nafasi nne tu za namba. Hapo usiache ikue. Weka `CHECK (mwisho <= 9999)` ili mfumo ukatae kwa sauti, na ufanye hesabu mapema. Anayetoa ankara 40 kwa siku humaliza tarakimu nne ndani ya siku 250 hivi. Kwa hali yoyote ile, safu ya namba ya ankara iwe na `UNIQUE`. Ningekuwa nimeiweka, ankara ya 10000 ingekataliwa palepale na mhasibu asingekuwa na sababu ya kunipigia.

Zile tatu za asubuhi tulizifuta rasmi, tukawatolea wateja mpya kuanzia ANK-10003. Za zamani sikuzigusa. Kuna aliyependekeza tuziongezee sifuri moja ili zote zilingane, ANK-0041 iwe ANK-00041, nikakataa: karatasi iliyo mkononi mwa mteja inasema ANK-0041, na akitaja namba hiyo lazima ipatikane. Orodha kwenye skrini sasa hupangwa kwa safu ya namba kamili, hivyo 10003 inakaa baada ya 9999 hata urefu ukiwa tofauti.