Barua ya kustaafu: shukrani zako, na tarehe ya kukabidhi funguo za stoo

Dhana: Barua ya kustaafu ni ya kuaga tu. Muda wa kuondoka ofisi itakukumbusha.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 humtaka mwajiri atoe notisi ya miezi 3 kwa aliyefanya kazi miaka 10 au zaidi, lakini humwondolea wajibu huo pale sababu inapokuwa kufikia umri wa kustaafu. Kwa hiyo huenda usiletewe karatasi yoyote. Ratiba ya kuondoka ianze kwenye barua yako mwenyewe.

Dhana: Makabidhiano hufanyika siku ya mwisho.

Hapa ndipo wazee wetu wengi huumia. Chukua mtunza stoo wa vifaa vya ujenzi hapa Jinja, miaka 26 kazini, siku yake ya mwisho ni Ijumaa, 28 Agosti 2026. Akikabidhi siku hiyo, keki inakatwa saa nane, funguo zinatolewa saa tisa, na hakuna aliyehesabu kitu. Mwezi unaofuata mifuko 3 ya saruji ikikosekana, jina linalotajwa ni la mzee aliyekwisha kwenda nyumbani.

Barua yake, ya tarehe 25 Mei, iseme hivi:

"Ijumaa, 14 Agosti jioni, tutaandika namba ya mwisho ya hati ya mapokezi na ya vocha ya kutolea bidhaa. Tarehe 17 hadi 19 tutahesabu bidhaa pamoja na atakayenipokea, na kwa siku hizo hakuna kitakachoingia wala kutoka. Tarehe 21 nitamkabidhi leja na funguo. Wiki ya mwisho nitakuwepo kumwelekeza."

Zile namba mbili zina kazi kubwa. Bila hizo, mzigo ulioshushwa muda mfupi kabla ya kuhesabu unaweza kuhesabiwa rafuni kabla haujaingia kwenye leja, na hapo hamtajua kama tofauti ni upotevu au ni karatasi iliyochelewa. Leja ikisema mifuko 412 na mkono ukahesabu 409, andikeni zote mbili kwenye hati ya makabidhiano, kisha mtoaji, mpokeaji na msimamizi watie sahihi kabla funguo hazijabadilisha mkono. Kila mmoja abaki na nakala yake.

Dhana: Tarehe na orodha huipoza shukrani.

Kinachoipoza ni "nawashukuru wote kwa ushirikiano", maneno ambayo hata mgeni angeyaandika. Mzee huyu anakumbuka mengi, basi ayaseme:

"Nawashukuru wapakiaji walioshusha mabati nami usiku kwenye mvua. Namshukuru mama wa hesabu aliyenifundisha kompyuta nikiwa na miaka 51, bila kunichoka. Mlinisitiri nilipofiwa."

Shukrani zitangulie, ratiba ifuate, na mwishoni aombe cheti cha utumishi, kwa sababu mwajiri hulazimika kukitoa pale mfanyakazi anapokiomba.