Kulandanisha chati ya akaunti: dhana potofu ninazochoka kuzisikia

Vyama vya akiba na mikopo vyenye matawi Hoima, Masindi na Fort Portal huniita kwa shida moja. Kila tawi lina nakala yake ya chati ya akaunti, mtandao unakatika, na nakala zikikutana tena ripoti hazilingani. Kabla hata sijaangalia data, mtu wa mifumo ananihakikishia kwamba ulandanishi hauna kasoro. Sababu anazonipa ni hizihizi kila mara, na ya kwanza ndiyo inayoniumiza zaidi.

Dhana: "Badiliko la mwisho linashinda, kwa hiyo hakuna mgongano."

Kanuni hiyo inafaa kwa namba ya simu ya mwanachama. Watu wawili wakihariri mstari mmoja, wa baadaye anabaki, basi. Kwa mti kama chati ya akaunti, ambapo kila akaunti iko chini ya mzazi wake hadi kufika kwenye mzizi, haitoshi, kwa sababu mabadiliko mawili yanaweza kugusa mistari miwili tofauti, kila moja likawa halali, na bado yakikutana yakauharibu mti.

Chukua akaunti mbili zilizo chini ya 5000 Matumizi: 5200 Usafiri na 5300 Kazi za Nje. Mhasibu wa Kampala anaona safari karibu zote ni za maafisa mikopo, hivyo anahamishia Usafiri chini ya Kazi za Nje. Siku hiyohiyo mwenzake wa Hoima, mtandao ukiwa umekatika, anafikiri kinyume: anahamishia Kazi za Nje chini ya Usafiri. Kila mmoja kwenye kompyuta yake ana mti mzima na ripoti sahihi.

Mtandao unarudi. Mfumo unalinganisha mstari kwa mstari. Mstari wa 5200 umebadilishwa Kampala tu, kwa hiyo unapokelewa. Mstari wa 5300 umebadilishwa Hoima tu, nao unapokelewa. Hakuna mgongano uliopatikana, na taa ya kijani inawaka. Lakini sasa mzazi wa Usafiri ni Kazi za Nje, na mzazi wa Kazi za Nje ni Usafiri. Zote mbili zimejitenga na mzizi, zinazungukana. Hifadhidata hailalamiki, kwa kuwa sharti lake ni kwamba mzazi awepo kwenye jedwali, na kila mzazi yupo.

Sasa tazama hesabu. Tuseme matumizi ya mwezi ni shilingi 38,000,000, ambapo Usafiri ni 4,600,000 na Kazi za Nje 7,200,000. Taarifa ya mapato na matumizi hujengwa kuanzia mzizi kushuka chini, kwa hiyo akaunti hizo mbili haizioni. Inaonyesha matumizi ya 26,200,000, na ziada inavimba kwa 11,800,000 ambazo hazipo. Urari, kwa upande wake, unajumlisha akaunti moja moja bila kujali mzazi, kwa hiyo debiti na krediti zinalingana vizuri kabisa. Ndiyo maana wahasibu huniambia vitabu viko sawa. Urari ukilingana huku ziada iliyo kwenye taarifa ikikataa kulingana na ile unayoipata kwa kujumlisha urari, kagua mti kabla ya kumtuhumu karani. Dalili nyingine ni ukurasa kuganda ukifungua akaunti moja: programu inapanda kwa wazazi kutafuta mzizi, na haiufikii kamwe.

Swali hili linaonyesha kila akaunti isiyofikika kutoka kwenye mzizi. Jibu likiwa tupu, mti uko salama:

```sql
WITH RECURSIVE t AS (
  SELECT id FROM accounts WHERE parent_id IS NULL
  UNION
  SELECT a.id FROM accounts a
  JOIN t ON a.parent_id = t.id
)
SELECT id, name FROM accounts
WHERE id NOT IN (SELECT id FROM t);
```

Liendeshe baada ya kila ulandanishi. Hilo naling'ang'ania kwa kila mteja, na hata mfumo mzuri haukusamehi kuliacha.

Tiba yenyewe ni kuacha kutuma mstari uliobadilika na kutuma tendo: "hamisha 5300 iwe chini ya 5200". Kama kuna seva moja, matendo yapite hapo moja baada ya jingine. Kabla ya kutekeleza, seva inaanza kwa mzazi mpya na kupanda hadi mzizi. Ikikuta njiani akaunti ileile inayohamishwa, inakataa. Kwenye mfano wetu, hamisho la Kampala linaingia kwanza. La Hoima likifika, seva inaanza kwa 5200, inapanda, inakuta 5300, inakataa. Ukaguzi na uandishi viwe ndani ya muamala mmoja chini ya kufuli moja la mti mzima. La sivyo maombi mawili yatakagua kwa wakati mmoja, yote yaone njia ni nyeupe, na mzunguko utazaliwa hapohapo kwenye seva. Kwa PostgreSQL, `pg_advisory_xact_lock` inatosha. Na aliyekataliwa aambiwe, kwa jina la akaunti na la aliyemtangulia, maana wale wahasibu wawili wana jambo la kuzungumza ambalo hakuna programu itawaamulia.

Dhana: "Namba ya akaunti ndiyo utambulisho wake."

Hapana. Siku 5200 itakapopangwa upya kuwa 5310, ulandanishi utaona akaunti moja imefutwa na nyingine imezaliwa, na miamala ya zamani itabaki bila mwenyewe. Kila nodi ya mti ipewe kitambulisho kisichobadilika na kisicho na maana yoyote. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na Wizara ya Afya ya Uganda, hukipa kila kituo cha afya kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, na jina au msimbo vinabadilika bila kukigusa.

Dhana: "Kupanga upya ni kubadili namba za mfuatano."

Ukihesabu akaunti ndugu zilizo chini ya mzazi mmoja 1, 2, 3 na kupenyeza moja juu, unabadilisha mistari yote iliyo chini yake, na tawi jingine likifanya hivyohivyo mnapata namba 4 mbili. Tumia ufunguo wa maandishi: kati ya `a` na `b` weka `an`, na mstari mmoja tu ndio unaoguswa. Usitumie desimali za kompyuta, kwani ukigawanya nafasi kati ya 1 na 2 katikati mara 52 hivi, imekwisha. Funguo mbili zikifanana, kitambulisho cha nodi kiamue, ili kila tawi lione mpangilio mmoja.

Dhana: "Kuhamisha kitengo hakugusi yaliyopita."

Wilaya ya Kikuube ilimegwa kutoka wilaya ya Hoima mwaka 2018. Ukivihamisha vituo vyake vya afya chini ya wilaya mpya kwa kubadili mzazi tu, jumla ya Hoima ya mwaka 2016 inapungua leo, kwa kuwa ripoti hujumlishwa kwa mti uliopo sasa. Wakati mwingine ndicho unachotaka, ili ulinganishe wilaya kwa mipaka ya leo. Lakini kama kuna ripoti iliyokwisha kusainiwa kwa mipaka ya zamani, kiungo cha mzazi lazima kiwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na ulandanishi ubebe tarehe hizo pamoja nacho. Amueni hilo kabla ya kuhamisha kituo cha kwanza, kwa sababu mzazi wa zamani akishafutwa, mpya akaandikwa mahali pake na nakala zote zikalandana, hakuna tawi litakalokuwa na kumbukumbu ya alikuwa nani.