Pima unga kabla haujaingia sufuriani

Daftari la yule kijana lilikuwa safi kuliko mengi ninayoletewa. Ana miaka 12, ana kisukari cha aina ya kwanza, na mama yake alikuwa ameandika kila kitu: sukari kabla ya kula, uniti za insulini, chakula chenyewe, kisha sukari baada ya saa mbili. Chakula cha usiku karibu kila siku kilikuwa "ugali bonge 1, dagaa, mchicha", na dozi ilikuwa uniti 5. Siku za kawaida sukari baada ya kula ilikuwa 8 au 9. Jumamosi na Jumapili, akiwa kwa bibi yake, ilikuwa 5, na mara moja ilishuka hadi 3.4, akatokwa jasho na kutetemeka.

Mama alidhani ni mpira, kwamba kwa bibi anakimbia sana. Inawezekana, kwa sababu mchezo hushusha sukari kweli. Ila mimi ni mtu wa lishe, nikaanza na sufuria. Nikamuuliza kijana: ugali wa bibi ukoje?

"Laini. Wa nyumbani mgumu, baba hataki ugali unaoshika vidole."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wanga wote wa ugali umetoka kwenye unga. Maji hayana wanga hata chembe, lakini yanachukua zaidi ya nusu ya uzito wa bonge, na kila mpishi anayatia kwa mkono wake. Kwa hiyo mtu akiniuliza bonge moja lina gramu ngapi za wanga, siwezi kumjibu kabla sijajua lilisongwaje. Vitabu vya viwango vya vyakula tunavyo, cha Tanzania kilitoka mwaka 2008 na cha Kenya mwaka 2018, na mimi navitumia kila siku. Lakini namba ya ugali uliopikwa iliyomo humo ni ya ugali wa mtu mwingine. Ninayoiamini zaidi ni namba ya unga mkavu, maana hiyo haitofautiani sana kati ya jiko na jiko.

Sembe ina wanga wa karibu gramu 75 katika kila gramu 100 za unga. Dona iko karibu na 70, kwa sababu sehemu ya uzito wake ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari. Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko watu wanavyosimulia. Nimeona wagonjwa wanaoongeza bonge la pili kwa sababu tu ni dona, kisha wanashangaa kipimo.

Nikaenda kwao jioni moja na mizani ya jikoni ya betri, ile ya kioo. Mama alipika kama siku zote, nami nilikaa pembeni nikimsumbua mara tatu tu. Mara ya kwanza ni kabla hajaanza: niliweka mfuko wa unga kwenye mizani, ukasoma gramu 1,840. Alipomaliza kusonga nikaupima tena, ukasoma 1,240. Kwa hiyo unga ulioingia ni gramu 600. Napenda kupima mfuko kuliko kupima bakuli la unga, kwa sababu mpishi yeyote anaongeza unga katikati ya kusonga akiona ugali unalegea, na ule wa kuongeza ndio husahaulika. Unga wa kukorogea uji wa mwanzo nao unakuwa umehesabiwa humo humo.

Gramu 600 za sembe ni wanga wa gramu 450. Mara ya tatu ilikuwa ugali ulipogeuzwa kwenye sinia: gramu 1,560, baada ya kutoa uzito wa sinia. Ukoko uliobaki sufuriani niliukwangua nikaupima, ukawa gramu 50. Ukoko umekauka kuliko ugali wenyewe, kwa hiyo nilikadiria nusu yake ni wanga, yaani gramu 25, nikazitoa kwenye hesabu. Zikabaki gramu 425 za wanga ndani ya gramu 1,560 za ugali. Gawanya, unapata wanga wa gramu 27 katika kila gramu 100 za ugali wa nyumba ile.

Bonge la kijana hupimwa kwa bakuli dogo la plastiki linalolowanishwa maji kwanza ili ugali usigande. Likageuzwa juu ya mizani: gramu 240. Hiyo ni wanga wa gramu 65.

Wiki iliyofuata tukafanya vile vile kwa bibi. Unga gramu 400, sawa na wanga wa gramu 300, na baada ya kutoa ukoko kidogo zikabaki kama 290. Ugali ulipimwa gramu 1,420. Kwa hiyo kila gramu 100 zilikuwa na wanga wa gramu 20 tu. Bakuli ni la ukubwa ule ule, maana mabakuli yalinunuliwa kwa seti moja yakagawanywa nyumba mbili. Bonge la gramu 240 kwa bibi lina wanga wa gramu 49.

Tofauti ni gramu 16 kwenye mabonge mawili ambayo kwa macho ni pacha. Karatasi aliyopewa na daktari wake inasema uniti 1 kwa kila gramu 12 za wanga, na kwamba uniti 1 inamshusha kama 2.5. Gramu 16 ni zaidi ya uniti moja, na kwenye kipimo cha sukari ni zaidi ya 3. Nyumbani alikuwa anakosa insulini kidogo, kwa bibi alikuwa anazidishiwa. Mpira ulikuwa unaongezea tu. (Namba hizo mbili ni za kijana huyu peke yake. Wewe au mwanao mtapewa zenu kliniki, na anayetumia insulini ya mchanganyiko yenye dozi isiyobadilika hatumii hesabu hii kubadili sindano. Anaitumia ili wanga wa mlo ulingane siku hadi siku.)

Utajuaje kama umekosea? Ugali mwingi niliopima unaangukia kati ya 20 na 32 kwa kila gramu 100. Ukipata 15, huo karibu ni uji, au kuna unga uliousahau. Ukipata 40, umesahau kutoa uzito wa mfuko au umesoma sahani vibaya. Na usipime ugali uliolala ukatumia namba ya jana, kwa sababu kiporo kimepoteza maji usiku kucha na kila gramu yake imebeba wanga zaidi.

Wali unafuata njia hiyo hiyo bila maneno mengi. Gramu 100 za mchele mkavu zina wanga wa karibu 80, na wali uliopikwa kawaida huwa karibu 28 kwa kila gramu 100. Kwa pilau, usisahau viazi.

Chapati ndiyo inayonigombanisha na vipeperushi. Kuna orodha zinazozunguka zinazosema chapati moja ni wanga wa gramu 15. Hiyo ni chapati nyembamba ya upana wa kiganja, ya nchi nyingine. Sisi tunachukua kilo moja ya unga wa ngano, tunaukanda na mafuta, tunapata chapati 12. Kilo hiyo ina wanga wa karibu gramu 730. Gawanya kwa 12, kila chapati ina gramu 60 na ushee. Mtu akila mbili na chai asubuhi, huku akiamini amekula 30, amekula 120. Kwa chapati hata mizani si lazima: soma uzito kwenye pakiti ya unga, hesabu madonge kabla hujasukuma, gawanya. Mafuta hayaongezi wanga, lakini yanachelewesha chakula tumboni, kwa hiyo sukari inaweza kuonekana nzuri baada ya saa mbili kisha ikapanda saa ya nne.

Muhogo ni tofauti na unga kwa sababu maji yake umezaliwa nayo. Ukishaumenya na kutoa ule uzi wa katikati, gramu 100 za muhogo mbichi zina wanga wa karibu 36, na kuuchemsha hakubadilishi sana. Kuuchoma au kuukaanga ndiko kunakopotosha, maana maji yanatoka. Kipande kilichoingia mkaani kikiwa gramu 300 kinaweza kutoka kikiwa 220, lakini wanga wake ni ule ule. Upime ukiwa mbichi. Unga wa makopa, kwa vile umekaushwa, uhesabu kama sembe na uongeze kidogo.

Ndizi za kupika zipime bila ganda, kwa sababu ganda linakula theluthi ya uzito au zaidi. Mbichi zina karibu gramu 30 kwa kila 100. Zikiiva, wanga wake unageuka kuwa sukari, kwa hiyo jumla haibadiliki sana ila inaingia kwenye damu upesi zaidi. Ndizi mbivu za kula ziko karibu na 23. Na kuna maskini ndizi kisukari, zinazokimbiwa kliniki kwa sababu ya jina tu. Moja iliyomenywa ina uzito wa gramu 40 hivi, wanga wa gramu 9 au 10. Kitumbua hakikimbiwi namna hiyo.

Tatizo lilibaki moja: bibi hana mizani, na hakutaka kuachiwa. "Mwanangu," aliniambia, "hiyo mashine betri ikiisha nani ataninunulia?" Anapima unga kwa kopo la zamani la maziwa ya unga, analikung'uta na kupitisha mwiko juu. Tukalipima likiwa hivyo mara nne, likawa linabeba karibu gramu 200 kila mara. Kwa ugali wa jioni anatia makopo mawili.

Basi nikamwomba kitu kimoja tu: ugali ukiiva, augawe wote kwa mabakuli sita sawa. Makopo mawili ni wanga wa gramu 300 au pungufu kidogo, kwa sita ni 50 kwa bonge, uwe laini au mgumu. Akitia maji mengi mabonge yatakuwa makubwa, akipunguza yatakuwa madogo, lakini la mjukuu wake litabaki la sita na wanga wake ni ule ule. Alifikiri kidogo, kisha akauliza mgeni akija afanyeje. Nikamwambia aongeze kopo moja na agawe kwa tisa.