Ujuzi kwenye LinkedIn si sifa zako

Ukimwambia mtu ajaze ujuzi wake LinkedIn, mara nyingi atajaza haya: mchapakazi, mwaminifu, anayejituma, mwepesi wa kujifunza. Hizo ni sifa. Ujuzi, kwa maana ya pale, ni jina la kazi unayoiweza au chombo unachokimudu, likiandikwa kama anavyoliandika anayetafuta mtu wa kuajiri. Maana yenyewe ndiyo hiyo tu.

Tatizo ni kwamba watu hudhani mwajiri anasoma wasifu mmoja mmoja. Hasomi. Kwanza anatafuta, na anachokiandika kinafanana na hiki:

```
accountant AND (QuickBooks OR Sage) AND payroll
```

Kisha anachuja kwa mahali, ndipo aanze kufungua majina. Nani ataandika "mchapakazi" hapo? Kila mtu anajiita hivyo, na neno linaloingiza kila mtu halichuji yeyote.

Chukua mhasibu aliyeshika vitabu vya kampuni kwa programu ya QuickBooks na kuandaa mishahara kila mwezi. Chini ya jina lake kaandika "Napenda namba, natafuta fursa mpya". Kwenye kazi yake kaandika "nilishughulikia masuala yote ya fedha". Anaijua kazi vizuri, lakini katika utafutaji ule hayumo. Mstari wa chini ya jina unachukua herufi 220, kwa hiyo "Accountant | QuickBooks | Payroll" inaenea na nafasi inabaki. Kwenye maelezo ya kazi aseme aliandaa `payroll` kwa QuickBooks. Matangazo ya kazi anazozitaka yakiwa kwa Kiingereza, majina haya nayo yabaki kwa Kiingereza, hata kama maelezo mengine kayaandika kwa Kiswahili.

Kwenye sehemu ya `Skills`, akianza kuandika, majina hujitokeza chini. Achague humo. Wengi hupuuza orodha hiyo na kubuni lao, mfano "Utaalamu wa mahesabu ya kisasa", ambalo hakuna atakayelitafuta. Halafu kila ujuzi auunganishe na kazi alikoutumia, ili anayefungua aone ulikotoka.

Sifa nazo zina mahali pake, kwenye `About`, tena kwa ushahidi. "Hesabu za mwezi nilikuwa nazifunga kabla ya tarehe 5" inamweleza msomaji kuliko "najituma".

Na kabla hujalalamika kwamba huonekani, tazama takwimu zako. `Search appearances` ni mara ulizotokea kwenye utafutaji. `profile views` ni waliofungua wasifu. Ya kwanza ikiwa ndogo, ongeza majina ya ujuzi unaoumudu kweli. Lakini ikiwa kubwa na wanaofungua ni wachache, usiongeze ujuzi mwingine. Watu wanakuona na kukupita, kwa hiyo rekebisha picha na ule mstari wa chini ya jina.